Video Niliyoipitisha kwa Jicho Langu

Nimeuza spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tangu marehemu mume wangu aliponiachia duka, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyeniomba radhi baada ya kubishana nami kuhusu beringi. Hawana haja ya kuomba. Nikishawaonyesha nilichokiona, wananyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kunanitosha. Nasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya ile video.

Pale kwetu tuna desturi yetu. Mnunuzi akitilia shaka mzigo hagombani na muuzaji. Anauchukua, anavuka nao barabara, anaupeleka kwa mwenye duka wa tatu asiye na faida wala hasara kwenye biashara ile. Huyo anaushika, anaupima uzito kiganjani, anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, anaangalia maandishi ya boksi na kingo za muhuri. Akisema ni orijino, pesa inatolewa. Akisema feki, muuzaji anarudisha mzigo wake chini ya meza na hakuna matusi. Upande wetu wa barabara, huyo wa tatu nilikuwa mimi. Watu wazima walikuwa wakisema, "Ikipita kwa yule dada, imepita." Nami nilikuwa nikilisikia neno hilo na kujifanya sijalisikia.

Feki ina kosa mahali fulani. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Anayeghushi ana haraka, na mwenye haraka huacha alama: herufi moja imekaa juu kidogo ya wenzake, mpira unanuka gundi, mshono haukufika mwisho. Ukitulia utaiona. Usipoiona, basi haipo, na kitu ni cha kweli. Niliishi kwa kanuni hiyo na ilinilisha.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki Lindi. Alinileta mjini nikiwa mdogo, akauza vitumbua Kariakoo mpaka magoti yakamgomea, na sasa anakaa na mimi. Asubuhi nyingi huja dukani, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na kuwasalimia wapita njia. Ana kisukari cha siku nyingi. Vidonge vyake alikuwa akivinywa na chai bila kukumbushwa, na kliniki alikuwa hakosi. Wakati ule alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kilichotokana na kukwaruzwa na mkanda wa kandambili mpya, na hakikuwa na haraka ya kupona.

Siku moja aliniletea simu yake nikiwa napanga filta.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii. Wametuma kwenye grupu la wenzangu wa kusoma Kurani."

Ilikuwa video ya mtangazaji mstaafu wa redio, mama mmoja ambaye nchi nzima imekua ikiisikia sauti yake. Sitamtaja, maana kosa si lake. Mama mkubwa alikuwa amesikiliza taarifa zake za habari kila jioni akikanda unga, na nadhani alimpenda kuliko ndugu zake kadhaa. Mle kwenye video alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa gauni la kitenge cha bluu, saa ya ukutani nyuma yake. Alikuwa anasema kwamba kisukari kilitaka kumkata mguu, kwamba profesa mmoja alimpa unga wa majani, na kwamba sasa sukari yake iko sawa. Akasema unga ule haupatani na vidonge vya hospitali, kwa hiyo anayeanza unga aache vidonge. Chini kulikuwa na namba ya simu ya kuagizia; bodaboda anakuletea, unalipa ukipokea.

"Mimi nina wasiwasi nayo," mama mkubwa akasema. "Mbona hakusalimia? Yule haanzi kusema bila kusalimia."

"Wamekata mwanzo, mama mkubwa. Video zinakatwa ili zisiwe ndefu."

"Na hilo neno 'haupatani', sijawahi kumsikia akilisema."

"Sasa wewe umeyahesabu maneno yake yote?"

Alicheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo ningetamani kurudi, pale tulipokuwa tunacheka wote.

Nilikuwa nimeshasikia habari za video za kughushi. Watu wanazungumza sana siku hizi kuhusu akili mnemba, kwamba inaweza kumsemesha mtu maneno ambayo hakuyasema. Kwa hiyo sikuidharau kazi. Niliipokea ile simu kama ninavyopokea beringi yenye utata. Niliwasha taa, nikavaa miwani, nikaikuza picha kwa vidole viwili. Niliangalia macho kama yanapepesa. Yalipepesa. Niliangalia meno kama yanayeyukiana, masikio na hereni kama vinacheza, ukingo wa shavu kama unatengana na shingo. Nikaangalia midomo kwenye maneno kama "mguu" na "bila", kwa sababu midomo ya mtu wa kweli lazima ifumbe kwenye m na b. Ilifumba. Nikairudia na kuirudia. Wateja wawili walisimama kunisubiri, na sikuona vibaya waone ninavyofanya kazi.

Kitu nisichokifikiria ni kwamba simu ya mama mkubwa ilikuwa na mchubuko katikati ya kioo, na kwamba video yenyewe ilikuwa imepita grupu kwa grupu mpaka ikachakaa. Kila ilipotumwa ilipungua ubora. Juu yake palikuwa na alama kwamba imesambazwa mara nyingi. Niliiona alama hiyo kwa macho yangu nikaipita, kwa sababu haikuwa usoni mwa yule mama, na mimi nilikuwa nakagua uso. Picha iliyochakaa huficha mishono. Na hata isingekuwa imechakaa, siku hizi mishono yenyewe inazidi kupungua. Hayo nimeyajua baadaye.

"Sioni kosa," nikamwambia. "Ni yeye."

"Una hakika?"

"Mama mkubwa, mimi huyu huyu? Imepita."

Wale wateja wakatikisa vichwa kukubali. Mama mkubwa akachukua simu yake, akasema, "Haya. Kama wewe umesema." Sikumwambia anunue unga. Sikumwambia aache vidonge. Nimejitetea kwa maneno hayo mara nyingi nikiwa peke yangu na hayajawahi kunisaidia, kwa sababu kwetu sisi aliyepitisha mzigo ndiye aliyeuuza.

Unga ulikuja kwenye kopo jeupe lenye picha ya yule mtangazaji. Mama mkubwa alikuwa akiukoroga kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na kuunywa amekunja uso. Vidonge akaviweka kwenye kabati, nyuma ya sukari ya wageni. Nilimwona akifanya hivyo. Niliuliza, akasema, "Si wamesema havipatani?" Nilikuwa naelekea dukani na nilikuwa nimechelewa. Nikaondoka.

Wiki zilizofuata alikuwa anakunywa maji sana na kuamka mara kwa mara kwenda chooni. Alisema unga unamsafisha, kwa kuwa video ilikuwa imesema hivyo pia: mwanzoni utasikia kiu na uchovu, ujue sumu inatoka. Waliotengeneza kitu kile walikuwa wamejua dalili za sukari kupanda, wakazigeuza kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Nikikumbuka hapo hasira inanipanda, na nashukuru kwa hasira hiyo kwa sababu ndiyo pekee inayonipumzisha na aibu.

Nilijua ukweli kwa njia ya kijinga kabisa. Fundi gari mmoja, mteja wangu, alikuja kununua plagi. Wakati natafuta, akanionyesha simu yake.

"Mama, wewe si una jicho? Hebu nicheki hii. Kuna uwekezaji huu wa dhahabu, unaweka hela wanakuzungushia, unakula faida kila wiki. Huyu mama wa redio mwenyewe kaweka hela."

Nikaangalia. Gauni la kitenge cha bluu. Kochi lile lile. Akainua mkono wa kulia kuirekebisha miwani, na mimi nilijua kwamba atauinua kabla hajauinua, maana nilikuwa nimeuangalia mkono ule mara nyingi sana. Nyuma yake saa ya ukutani ilikuwa saa ile ile, mishale pale pale. Ila mdomo sasa ulikuwa unazungumzia dhahabu.

Fundi akaniuliza, "Vipi, orijino?" Nikaichukua simu ile, nikaicheza tena. Mtu hawezi kukaa kwenye kochi moja, kwa dakika moja, akisimulia kisukari na dhahabu kwa pamoja. Uso ulikuwa wa kweli. Kochi lilikuwa la kweli, na mkono, na saa. Walikuwa wamechukua mazungumzo yake ya zamani, wakamwondolea maneno yake, wakamtilia mengine kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na sauti yake. Na nani ana sauti nyingi iliyorekodiwa kuliko mtangazaji wa redio? Nilikuwa nimetafuta feki kwenye uso ambao haukuwa feki. Kilichoghushiwa ni maneno, na maneno mama mkubwa alikuwa ameyatilia shaka tangu sekunde ya kwanza.

Nilimwambia fundi asiweke hata senti. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa yule mtangazaji mwenyewe, kitu ambacho kingenichukua muda mfupi kuliko kukagua meno yake. Pale juu kabisa alikuwa ameweka onyo, sauti yake imechoka: hajawahi kutangaza dawa yoyote wala uwekezaji wowote, na video zinazosambaa si zake. Alianza kwa kusalimia. Nikateremka chini zaidi, nikayakuta mazungumzo ya kweli, kitenge cha bluu na yote. Alikuwa anaeleza jinsi alivyowalea wanawe huku anafanya kazi za zamu.

Nikafunga duka mchana kweupe. Watu waliniuliza kuna msiba gani.

Mama mkubwa nilimkuta amelala. Nilipoinua khanga miguuni pake harufu ilinipokea kabla ya macho. Kidole kilikuwa cheusi na cha jirani yake kilikuwa kimeanza. Hakuwa amesikia maumivu, kwa sababu miguu yake ina ganzi ya kisukari, na mimi ninayekagua vyuma vya watu siku nzima nilikuwa sijaukagua mguu wa mama yangu. Nikaita bajaji. Njia nzima mpaka hospitali, kule Upanga, alikuwa ananiambia nisilie mbele ya dereva.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, amechoka. Alimpima sukari, akauangalia mguu, akaanza kuandika, kisha akainua kichwa.

"Bibi, vidonge uliviacha lini?"

Mama mkubwa akataja mwezi.

"Nani alikushauri uache?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika chupa ya chai na mkoba wake. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Kichwa changu mwenyewe, daktari," mama mkubwa akasema. "Uzee nao."

Daktari akamwangalia kwa huruma, akamweleza taratibu, kama mtoto, kwamba dawa za mitandaoni ni hatari, na kwamba hata kitu kinachoitwa cha asili lazima kiwe kimesajiliwa na wenye mamlaka ya dawa. Mama mkubwa aliyapokea yote kwa kichwa kilichoinama. "Ndiyo, mwanangu. Nimekoma, mwanangu." Alikuwa anakaripiwa badala yangu, na mimi nikafunga mdomo wangu tena. Nimewahi kufiwa, nimewahi kuibiwa, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona pale kando ya kitanda.

Walimkata vidole viwili. Walisema tuna bahati, na ni kweli, mguu ulibaki.

Aliporudi nyumbani nilichukua mimi kazi ya kumfunga kidonda jioni. Hatukuzungumza habari ya video. Mara kadhaa nilianza, naye akaniuliza kama nimenunua nazi. Dukani niliendelea kupitisha mizigo, ila sauti yangu ilikuwa imepungua, na nilipoambiwa "wewe ndiye mwenye jicho" nilikuwa natafuta kitu cha kufuta vumbi.

Kisha wakaanza kuja wanawake. Wa kwanza alikuwa mwenzake mama mkubwa wa kusoma Kurani, anauza madera Kariakoo. Alinisalimia vizuri, akatoa simu.

"Mama mkubwa wako kanituma. Kasema kabla sijanunua chochote cha mtandaoni nije kwako. Ni mafuta ya magoti. Huyu mwigizaji anayatangaza."

"Kwa nini kwangu?" nikauliza.

"Si wewe ndiye uliyemwambia ile video ya kisukari ni ya uongo? Katuhadithia msikitini. Kasema ulimkataza, akakufanya mtoto asiyejua kitu, akaenda kununua kwa siri. Kasema, 'Ningemsikiliza mwanangu ningekuwa na vidole vyangu.'"

Majirani zangu wawili walikuwa wanasikiliza, na mmoja akasema, "Ndiyo maana, huyu dada hapitwi na kitu." Nikaelewa kwamba habari hiyo ilikuwa imeshatembea mtaa mzima na kwamba mimi tu ndiye sikuwa nayo. Alikuwa ameichukua aibu yangu yote akajivisha, na akanirudishia jina langu limefuliwa. Ningeweza kulivaa. Hakuna mtu duniani angejua.

"Si kweli," nikasema. "Yeye ndiye aliyeitilia shaka. Mimi niliikagua hapa hapa nikamwambia ni ya kweli. Alinunua kwa sababu yangu."

Yule mama alinitazama. Mkono wake uliokuwa unanipa simu ulirudi nyuma kidogo, na ule mrejeo wa mkono ninauona mpaka leo. Jirani yangu akageuka akaanza kupanga mikanda ya feni iliyokuwa imeshapangwa.

"Sasa hii ya magoti ni ya kweli au ya uongo?" akauliza hatimaye.

"Kwa kuiangalia sijui. Na hakuna anayeweza kujua kwa kuiangalia tu. Kaa hapo tuulize nani kaileta."

Tukaanza kwingine. Nani aliituma, naye aliipata wapi? Hakuna aliyejua. Je, ipo kwenye ukurasa wa mwigizaji mwenyewe? Haikuwepo. Nikapiga picha ya skrini, nikaitafuta mtandaoni kwa picha, na tukamkuta mwigizaji amevaa vile vile kwenye uzinduzi wa filamu, hana habari ya magoti. Kopo lililoonyeshwa kwenye video halikuwa na namba ya usajili. Yule mama akaifuta video, akanishukuru kwa sauti ya chini, akaondoka. Hakusema kama atarudi.

Maneno Gerezani yana miguu kuliko watu. Nilipofika nyumbani mama mkubwa alikuwa ameketi mkekani, mguu ameunyoosha juu ya mto, redio ameizima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia leo umenifanya mwongo mbele za watu."

"Mama mkubwa, nisamehe. Kwa yote."

"Sikukuomba unisafishe." Alikuwa amekasirika kweli, si kwa mchezo. "Unadhani nilisema vile kwa kukupenda wewe tu? Wale wenzangu wanatumiwa uongo kila siku, na hawana wa kumuuliza. Niliwapa mtu wa kumuuliza. Mtu aliyewahi kukosea nani atamwendea? Sasa watakaa na simu zao, watanunua."

Nilikuwa nimedhani ukweli utanipunguzia mzigo, na hapo nikaona kwamba nilikuwa nimeufikiria mzigo wangu peke yake. Nilikwenda kuleta beseni la maji, bandeji na ile dawa ya kusafishia. Nikakaa chini, nikaupakata mguu wake. Nikafungua bandeji taratibu.

"Alikuja na kitu gani, yule?" akauliza.

"Mafuta ya magoti."

"Yalikuwa ya uongo?"

"Ya uongo."

"Alinunua?"

"Hakununua."

Akakohoa kidogo. Nikasafisha pale palipokuwa na vidole, nikakausha. Akavuta simu yake toka chini ya mto, ile yenye mchubuko katikati ya kioo, akaniwekea mbele ya uso, juu ya mguu wake.

"Basi na hii nayo wametuma leo," akasema. "Mimi nina wasiwasi nayo."

Niliiweka simu kando bila kuiangalia. "Niambie kwanza una wasiwasi na nini," nikamwambia, nikaendelea kufunga.